Saa 250 zisizofika: kitabu cha matengenezo cha jengo moja Mwanza

Jengo lina ghorofa sita, liko Mwanza mjini upande unaotazama ziwa: maduka chini, ofisi katikati, vyumba vya wageni juu. Vifaa vyake ni vya kawaida. Kuna jenereta ya kVA 200, swichi kubwa ya kubadilishia umeme ambayo mafundi huiita chenji-ova, pampu mbili za kusukuma maji, pampu ya zimamoto, lifti moja na viyoyozi vya ukutani. Lilikabidhiwa kwa mwenye nalo pamoja na mafaili matatu manene ya uendeshaji na matengenezo.

Miezi 26 baada ya makabidhiano, umeme ulikatika saa mbili usiku. Jenereta iliwaka yenyewe, ikapokea mzigo, ikanguruma vizuri kwa dakika 18, kisha ikazima. Paneli yake ilionyesha joto la injini limezidi. Lifti ilikwama kati ya ghorofa ya tatu na ya nne ikiwa na watu wawili, na kwa kuwa pampu za maji nazo zilisimama, vyumba vya juu vikakosa maji. Mlinzi alifuta alama ya hitilafu kwenye paneli, akawasha tena. Ikadumu dakika nne. Akarudia mara ya tatu, haikufika dakika mbili.

Fundi jenereta aliyeitwa asubuhi alikuta maji ya rejeta yamejaa, mkanda wa feni umekaza, thamostati nzima. Ukiitazama rejeta kutoka nje, kwenye mdomo wa kutolea hewa ya moto, ilikuwa safi, na hapo ndipo wengi huishia. Katika jenereta ya kawaida ya chumbani, feni huvuta hewa ya chumba, huipitisha juu ya injini na kuisukumia nje kupitia rejeta. Kwa hiyo uchafu hujikusanya upande wa ndani, ule unaotazama feni, ambao umezibwa na kava la feni na wavu wa usalama. Kava lilipofunguliwa, karibu theluthi mbili ya uso wa rejeta ulikuwa umefunikwa na gamba jeusi lenye unene wa kama milimita tatu. Lilikuwa ni wadudu wa ziwani, maelfu kwa maelfu, waliogandishwa na oili.

Mtu wa pwani ya Ziwa Victoria anawajua wadudu hawa: ni vile visubi visivyouma vinavyopanda kutoka majini kama moshi, hasa siku za karibu na mwezi mwandamo, na kufuata taa. Juu ya matundu ya kuingizia hewa ya chumba cha jenereta palikuwa na taa nyeupe ya ulinzi iliyowaka usiku kucha. Taa iliwaita wadudu na feni ikawavuta ndani. Oili nayo ilitoka kwenye bomba la kupumulia la injini. Bomba hilo fupi lilikuwa linaelekea chini, mbele ya feni, na kila injini ilipofanya kazi lilitoa ukungu mwembamba wa oili uliopeperushwa moja kwa moja hadi kwenye mapezi ya rejeta. Vumbi kavu na wadudu wakavu hutoka kwa brashi. Vikishalowa oili hugeuka lami.

Meneja wa jengo aliuliza swali la haki: “Fundi, si mnaiwasha kila Jumatatu? Mbona haijawahi kuzima?”

Ni kweli iliwashwa kila Jumatatu, dakika kumi, bila mzigo. Injini isiyo na mzigo hutoa joto dogo sana. Thamostati ya injini kama hii huanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi za Selsiasi, na kwa dakika kumi za kunguruma bure maji hayafiki hapo, au yakifika, yanapita kidogo tu kwenye rejeta. Rejeta inaweza kuziba nusu nzima na jaribio la Jumatatu lisijue. Usiku ule mzigo ulikuwa kilowati 112, yaani asilimia 70 ya kilowati 160 ambazo jenereta ya kVA 200 inaweza kutoa kwa mujibu wa kibao chake, na hapo ndipo rejeta ilipotakiwa kufanya kazi yake. Zaidi ya hayo, kuwasha dizeli bure mara kwa mara kuna madhara yake: mafuta hayaungui yote, na mabaki meusi yenye unyevu hujaa kwenye mfumo wa moshi. Kanuni inayotumika sana ni kuijaribu mara moja kwa mwezi, kwa dakika 30, ikiwa na mzigo usiopungua asilimia 30 ya uwezo wake. Kwa jenereta hii ni kilowati 48. Jaribio moja la namna hiyo ni bora kuliko Jumatatu nne za kelele.

Sasa turudi kwenye mafaili matatu.

Faili la mitambo lilikuwa na kurasa zaidi ya mia nne. Sehemu ya jenereta ilikuwa kijitabu cha mtengenezaji kinachohusu jamii nzima ya injini zake, ndogo hadi kubwa, bila alama yoyote kuonyesha ipi ndiyo iliyofungwa hapa. Namba ya injini haikuandikwa popote. Michoro ya umeme ilikuwa ile ya zabuni: ilionyesha pampu ya zimamoto inalishwa kutoka ubao mdogo wa ghorofa ya chini, wakati ukweli ni kwamba wakati wa ujenzi ilihamishiwa kwenye ubao mkuu. Mipangilio ya paneli ya jenereta haikuwemo, yaani joto la kutoa onyo, joto la kuzima, na sekunde za kusubiri kabla ya kupokea mzigo. Cheti cha majaribio ya makabidhiano kilikuwa karatasi moja yenye neno “nzuri” mbele ya kila kifaa.

Ratiba ya matengenezo ilikuwepo, imenakiliwa kutoka kwa mtengenezaji: badilisha oili na filta kila saa 250. Saa za injini siku ile zilisoma 156. Kwa miezi 26 ni wastani wa saa sita kwa mwezi, na kwa mwendo huo saa 250 zingefika baada ya karibu miezi 42. Oili ile ile ingekaa miaka mitatu na nusu ikinyonya unyevu na asidi ya mabaki ya mafuta, na hakuna ambaye angesema amevunja ratiba. Watengenezaji wengi huandika “saa 250 au miezi 12, lolote litangulialo”, na hata kijitabu hiki kilisema hivyo kwenye maelezo madogo chini ya jedwali. Aliyenakili jedwali aliacha mstari huo. Kwa jenereta ya dharura, mstari huo ndio ratiba yenyewe, kwa sababu saa hazifiki kamwe.

Kuhusu rejeta, jedwali lilisema isafishwe “inapohitajika”. Nani ataamua kwamba inahitajika, na kwa kutazama nini? Maneno ya namna hiyo yako kwenye vitabu vingi vya majengo, na tunaona ni heri yasiwepo, kwa sababu humfanya msomaji aamini jambo limeshughulikiwa.

Kazi ya kuandika upya ilianza na karatasi moja tu ya kifaa kimoja. Karatasi ya jenereta sasa inaanza na alama iliyobandikwa kwenye kifaa chenyewe, mahali kilipo, aina na namba ya injini, namba ya kichwa cha umeme, yaani sehemu inayozalisha umeme, na uwezo wa jenereta hapa Mwanza. Jambo hili la mwisho husahaulika. Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko Dar es Salaam, na injini hupungukiwa nguvu kwa kadiri ambayo mtengenezaji ameitaja kwenye jedwali lake la mwinuko na joto. Kinachotakiwa kwenye karatasi ni jibu la hesabu hiyo, ili anayetaka kuongeza kiyoyozi kikubwa mwaka kesho asisome kVA 200 kwenye kibao na kudhani zote ni zake.

Inafuata mipangilio yote iliyosomwa kwenye paneli, thamani moja moja, pamoja na tarehe ya kusomwa. Kisha vipuri kwa namba zake: filta ya oili, filta mbili za dizeli, filta ya hewa, mikanda, thamostati, aina na ujazo wa oili, aina ya kulanti na uwiano wake na maji. Fundi akiwa dukani anahitaji namba ya filta, picha ya kupendeza ya jenereta haimsaidii. Halafu maelezo ya jinsi mfumo unavyofanya kazi hapa, kwa mpangilio wa wakati: umeme ukikatika paneli inasubiri sekunde tatu, injini inawaka, sekunde kumi baadaye chenji-ova inahamisha mzigo, pampu ya kwanza ya maji inaingia, ya pili inacheleweshwa ili zisianze pamoja na kuishtua injini. Umeme ukirudi, inasubiri dakika tano kuhakikisha umetulia, inarudisha mzigo, kisha injini inabaki ikinguruma dakika tano ipoe. Mlinzi aliyesoma hayo hatabonyeza kitufe cha kuzima eti kwa sababu umeme umesharudi na jenereta bado inalia.

Sehemu iliyogharimu kazi zaidi ilikuwa kipimo cha msingi. Kwa kuwa makabidhiano hayakuacha namba yoyote, ilibidi kuitafuta upya baada ya kusafisha. Ukiwa na rejeta safi, pima joto la maji baada ya dakika 30 ukiwa na mzigo unaojulikana, andika na joto la hewa inayoingia chumbani. Hapa ilipatikana nyuzi 87 kwenye kilowati 70, hewa ikiwa nyuzi 27. Kuanzia hapo jaribio la kila mwezi lina maana: likionyesha nyuzi 92 kwa mzigo na hewa ya namna hiyo hiyo, rejeta imeanza kuziba, na unajua wiki kadhaa kabla ya giza. Bila kipimo cha msingi, nyuzi 92 ni namba tu, kwa kuwa paneli haitatoa onyo hadi iwe imechelewa.

Na jaribio lenyewe lifanywe kwa kuzima breka kuu inayopokea umeme wa TANESCO, si kwa kubonyeza kitufe cha kuwasha. Hivyo betri, chaja, muda wa kusubiri na chenji-ova vyote vinapimwa kwa mkupuo mmoja. Kabla ya hapo wapangaji wapewe taarifa, na lifti iteremshwe chini na kufunguliwa milango. Mchana wa saa saba ndio uliochaguliwa, kwa sababu viyoyozi vinavuta vya kutosha kuvuka kilowati 48.

Kadi ya kusafisha rejeta inafaa kunukuliwa karibu yote, kwa kuwa ndiyo inayoharibiwa zaidi na haraka:

> Weka paneli kwenye kuzima. Ondoa waya hasi wa betri kwanza, funga kwa kufuli na tundika kibao. Subiri injini ipoe. Usifungue mfuniko wa rejeta ikiwa ya moto. Fungua wavu na kava la feni. Funika kwa nailoni kichwa cha umeme, paneli na mdomo wa filta ya hewa. Toa gamba kavu kwa brashi laini. Paka sabuni ya kuondolea grisi, acha dakika 15. Suuza kwa maji ya shinikizo dogo kutoka upande wa nje kuelekea kwenye injini, bomba likiwa limenyooka na mapezi. Kama kuna intakula, yaani kipoza hewa inayoingia kwenye injini, mbele ya rejeta, tenganisha na osha kati yake. Acha ikauke, rudisha kava, wavu na waya wa betri, rudisha paneli kwenye kujiwasha yenyewe, iandike kwenye daftari.

Mwelekeo wa maji ndio siri ya kadi hii. Ukisuuza kutoka upande wa feni unausukuma uchafu ndani zaidi ya mapezi. Mashine ya kuoshea magari nayo hulaza mapezi yakazibana, na rejeta inaonekana kung’aa huku hewa haipiti. Na kile kipande cha mwisho, kurudisha paneli kwenye kujiwasha, kiliongezwa makusudi: jenereta iliyofanyiwa sevisi nzuri na kuachwa kwenye kuzima ni hitilafu ya kawaida mno.

Chanzo nacho kiliguswa. Taa ya ulinzi ilihamishiwa ukuta wa pili na kuwekwa ya njano, ambayo huvuta wadudu wachache. Bomba la kupumulia liliongezewa mpira hadi nje ya mkondo wa feni, likiwa na kichupa cha kunasa oili. Kuhusu wavu wa mbu kwenye matundu ya hewa, palikuwa na ubishi. Wavu huzuia wadudu, lakini wavu wenyewe hupunguza nafasi ya hewa, na ukishajaa wadudu kwa usiku mmoja unaziba kabisa, chumba kinageuka tanuri. Uamuzi ulikuwa kuufunga kwenye fremu kubwa iliyotokeza nje kama sanduku, yenye eneo zaidi ya mara mbili ya matundu yenyewe, inayotolewa kwa mkono na kufagiliwa. Kufagia huko kuko kwenye ratiba kwa mwezi wa angani: siku tatu kabla ya mwezi kuandama, na kila asubuhi kwa wiki moja baadaye. Mtengenezaji wa jenereta hawezi kukuandikia hilo akiwa huko aliko. Viyoyozi vya upande wa ziwani vimeingizwa katika mzunguko huo huo, kwani mashine zao za nje huziba kwa wadudu hao hao.

Kalenda ya mahali ilibadilisha jambo jingine moja lisilohusiana na jenereta. Kipimo cha waya wa ardhi wa kinga ya radi kwenye mafaili kilisoma omu 6, na kikomo kinachokubalika ni omu 10. Tarehe ya kipimo ilikuwa Aprili, katikati ya masika, udongo ukiwa umelowa. Kilipopimwa tena Septemba, mwisho wa kiangazi, kilisoma omu 17. Mwanza imekaa juu ya miamba, tabaka la udongo ni jembamba na hukauka haraka, kwa hiyo kipimo cha masika kinapendeza na kinadanganya. Radi za kanda hii huja kwa wingi na mvua, na zile za mwanzo wa vuli hukuta ardhi bado kavu. Ratiba sasa inataka kipimo kichukuliwe kila Septemba kabla ya vuli, na kitajwe kwa mwezi, si “mara moja kwa mwaka”. Marekebisho hayakuwa kupigilia fimbo ndefu zaidi, maana inagonga jiwe, bali mtaro wa mlalo wenye utepe wa shaba uliofukiwa kwa udongo wa bentonaiti. Kumwaga chumvi kwenye shimo, kama wengine wanavyofanya, hushusha kipimo kwa msimu mmoja; mvua huiosha, na shaba inabaki ikiliwa.

Ukishapata ladha ya kuandika kadi, ni rahisi kuandika nyingi mno. Rasimu ya kwanza ya ratiba ya jengo hili ilihitaji saa 31 za kazi kwa wiki, na jengo lina fundi mmoja na msaidizi wake, ambao pia hubadilisha taa na kuzibua masinki. Ratiba isiyotekelezeka hujazwa alama za vema Ijumaa jioni kwa kalamu moja. Ilipunguzwa hadi saa 14 kwa kuondoa ukaguzi wa kutazama usio na kipimo na kuunganisha kazi za chumba kimoja. Kila kadi iliyobaki ina namba ya kulinganisha. “Kagua betri” ikawa: pima volti ya betri mbili zikiwa kwenye chaja, iwe kati ya 26.8 na 27.6, pima wakati wa kupiga stata, isishuke chini ya 19.2, ikishuka, badilisha zote mbili, si moja. Fundi akiandika 18.7 hakuna mjadala wa kama betri “bado bado”.

Ukurasa wa mwisho ulioandikwa ni wa mlinzi, si wa fundi. Umeandikwa kwa Kiswahili, herufi kubwa, umepigwa laminesheni na kufungwa nyuma ya mlango wa chumba cha jenereta. Unasema: jenereta ikizima kwa joto, usiiwashe tena, piga namba ya kwanza, kisha ya pili, angalia kama kuna mtu ndani ya lifti, zungumza naye, usilazimishe mlango. Kuwasha tena mara mbili injini iliyochemka kungeweza kupasua gasketi ya kichwa cha silinda, na safari hii kulinusurika kwa bahati. Mlinzi hakupaswa kulaumiwa, maana maelekezo yote yalikuwa kwa Kiingereza, ndani ya faili, ndani ya kabati la ofisi lililofungwa.

Gharama ya kutafuta upya michoro na vipimo ilibebwa na mwenye jengo, kwa kuwa kipindi cha uangalizi cha miezi 12 kilikuwa kimepita na fedha zote za mkandarasi zilishalipwa. Mikataba mingi ya ujenzi nchini ina kipengele kinachoruhusu kuzuia kiasi kilichotajwa hadi michoro ya kilichojengwa na vitabu vya uendeshaji vikabidhiwe. Kipengele hicho kilikuwemo kwenye mkataba huu pia, lakini kiasi hakikujazwa. Kwa anayesimamia jengo ambalo bado halijakabidhiwa, ukaguzi wa kitabu unaweza kufanywa kwa saa moja: simama mbele ya jenereta na faili mkononi, tafuta ndani yake namba ya injini unayoiona kwenye kibao, joto lake la kuzima na namba ya filta yake ya oili. Kimojawapo kikikosekana, usisaini kupokea.